Namna ya kuandika safari ya Moshi bila "kito kilichofichika"

Aya hii ilinifikia kwenye simu kutoka kwa kijana mmoja wa Moshi anayepeleka wageni Materuni na kuandika mwenyewe maelezo ya safari zake:

"Materuni ni kito kilichofichika kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Ukifika utapokelewa na wenyeji wakarimu na mandhari ya kuvutia itakayokuacha mdomo wazi. Maporomoko yake ya kipekee ni paradiso kwa kila mpenda mazingira. Usikubali kuondoka Moshi bila kufika!"

Chini yake akaongeza: "Kaka, niangalizie kama iko sawa."

Sarufi iko sawa. Lakini futa jina la Materuni na la mlima, weka maporomoko yoyote ya Lushoto au ya Mbeya, kisha soma upya. Hakuna neno litakalogoma. Aya yote ilikuwa imeshakamilika kichwani kabla gari halijatoka Moshi mjini. Na kijana huyu Materuni anapajua sana. Nilipompigia simu na kumuuliza wageni wake huwa wanafanya nini wakifika pale, aliongea mfululizo, na hakutamka "mandhari" hata mara moja. Mwongozo huu unahusu jinsi ya kuyatoa yale ya kwenye simu na kuyaingiza kwenye aya. Nitaitumia aya yake hiyohiyo mpaka mwisho.

Hatua ya kwanza: tafuta kilichobadilika

Mtu haandiki "mandhari ya kuvutia" kwa uvivu tu. Kuna kitu kilimgusa kweli. Na ukichunguza, kinachomgusa msafiri mara nyingi ni badiliko: alikuwa kwenye joto akaingia kwenye baridi, alikuwa anasikika akawa hasikiki, alitegemea kitu cha ukubwa fulani akakuta kingine. Kauli iliyozoeleka huhifadhi mshtuko na kutupa zile pande mbili zilizouleta. Msomaji anaambiwa kwamba ulishangaa, ila hapewi cha kumshangaza yeye.

Kwa hiyo usijiulize "palikuwaje?" kwa sababu jibu lake ni "pazuri sana" na hapo utakwama. Jiulize: muda mfupi kabla yake nilikuwa kwenye hali gani, na ni nini kilichogeuka?

Tuanze na mlima wenyewe, maana ndio unaoandikwa vibaya kuliko kitu chochote cha Moshi. Mgeni anashuka stendi saa sita mchana, anauliza Kilimanjaro iko upande gani, anaonyeshwa kaskazini, anakuta ukuta wa mawingu. Mwenyeji wala hashangai. Jua likishapasha miteremko, hewa yenye unyevunyevu wa msituni hupanda, hupoa na kugeuka mawingu, na siku nyingi kabla ya adhuhuri mlima umeshafunikwa. Alfajiri huwa wazi zaidi, na jioni mawingu mara nyingine hulegea.

Sasa mtazame mgeni huyo jioni mawingu yanapolegea. Anaangalia juu ya mapaa. Mtu aliye karibu anamwambia, "Juu zaidi." Anainua macho hadi kwenye mawingu ya kwanza. "Juu zaidi, juu." Anainua kidevu, na hapo ndipo anapoguna. Moshi mjini iko kwenye mita 800 na kitu kutoka usawa wa bahari, na kilele cha Kibo kiko mita 5,895. Kuna kilomita tano za kwenda juu kati ya viatu vyake na ile barafu, na macho yake yalikuwa yakiutafuta mlima pale yalipozoea kukuta milima mingine.

Hilo ndilo badiliko lake, na linaingia kwenye sentensi mbili: "Niliutafuta mlima juu ya mapaa, kisha juu ya mawingu, na bado nilikuwa chini. Barafu ilikuwa mahali ambapo nilishakubali kuwa ni anga tupu."

Hakuna sifa hata moja humo, na huwezi kuzihamishia Lushoto. Zimebeba pia taarifa: atakayekuja ameshajua aangalie juu kuliko anavyodhani.

Chemchemi ya Chemka nayo ni hivyohivyo. Wanaoiita paradiso wana sababu, ila sababu yenyewe iko njiani. Ukitoka Boma Ng'ombe unapita uwanda mkavu wenye vumbi, michongoma na mbuzi, halafu ghafla kuna miti mikubwa ambayo mizizi yake imeingia kwenye maji ya buluu unayoona hadi chini. Ukiandika maji peke yake utalazimika kuyapamba. Anza na vumbi lililoganda kwenye nyusi, kisha ingiza miguu majini, useme na wale samaki wadogo wanaokuja kudonoa nyayo. Neno paradiso halitahitajika.

Hatua ya pili: andika papo hapo, hata vibaya

Kumbukumbu hupoteza vitu kwa mpangilio ambao hautusaidii: zile sifa hubaki, vitu vyenyewe huondoka. Ukisubiri mpaka usiku hotelini, utabaki na "ilikuwa poa sana" na picha kibao. Kwa hiyo kabla hujaondoka mahali, simama pembeni urekodi sauti kwenye simu, au andika maneno machache yasiyo na sentensi.

Mimi hutaka mambo manne tu. Saa ngapi, na jua lilikuwa wapi. Nilisimama wapi hasa, si "Materuni" bali "kwenye mwamba wa kushoto, maji yakiwa mbele". Watu waliokuwepo walikuwa wanafanya nini kwa mikono yao. Na kitu kimoja ambacho sikukitegemea au kinachoharibu picha: ukungu, foleni ya watu wanaosubiri kupiga picha sehemu ileile, njia yenye utelezi, jenereta. Hilo la nne ndilo watu huliruka, nalo ndilo humfanya msomaji aamini mengine yote.

Kama umesharudi na hukuandika kitu, fungua picha. Simu huhifadhi saa ya kila picha, hivyo unaweza kujua ulifika lini na ulikaa muda gani. Kisha usiangalie sura yako. Angalia nyuma yako: nani anapita, kabeba nini, kavaa koti au fulana. Ile picha mbovu uliyotaka kuifuta, yenye tone la maji kwenye lenzi, inaweza kukuambia zaidi kuliko ile nzuri.

Hatua ya tatu: iulize kila kauli swali lake

Rudi kwenye aya. Pigia mstari kila kauli inayoweza kuhamia mahali pengine. Kwenye aya ya kijana wetu ni karibu yote. Usizifute kwanza, kwa sababu kila moja inaficha swali tofauti.

"Kito kilichofichika" ni dai, na dai linapimika. Kimefichika kwa nani? Materuni iko Uru, juu ya Moshi mjini, na ni kijiji cha watu. Njia ya kwenda kwenye maporomoko inapita kando ya vihamba, yale mashamba ya Wachagga yanayozunguka nyumba zao: migomba kwa juu, kahawa chini yake, magimbi sehemu zenye maji, ng'ombe bandani. Ng'ombe wa Uchaggani wengi hawachungwi. Majani huletwa walipo. Ndiyo maana kijana aliniambia kwenye simu: "Wageni wakifika kwenye ule mpando wanasimama kuhema, halafu anapita mama na mzigo wa majani kichwani, anawasalimia, anawaacha." Nikamwambia hiyo ndiyo sentensi yako. Mahali ambapo mama anapita na majani ya ng'ombe hapajafichika. Wewe ndiye uliyekuwa hujafika, na ukiliandika hivyo unakuwa umemwambia mgeni mambo mawili ya kweli: kwamba kuna mpando, na kwamba anapita kwenye makazi ya watu, hivyo asalimie na aombe ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha.

Hapa nina neno langu. Kauli ya "kilichofichika" ina ubaya zaidi ya uchakavu. Inawafuta watu. Kihamba hurithiwa, na makaburi ya wazee mara nyingi yako humohumo shambani. Kumwambia msomaji kwamba umegundua mahali hapo ni kumwandikia mwenye nyumba kama vile hayupo.

Ukitaka kusema pana utulivu, sema kilichokufanya uone hivyo. Labda mliwakuta watu wachache kwa sababu mlifika mapema, siku ya katikati ya wiki. Basi andika hivyo, maana atakayeenda Jumapili mchana atakuta umati na atakuona mwongo.

"Mdomo wazi" ni kauli ya mwili, basi iulize mwili ulifanya nini kwa kweli. Hapa tulitumia muda mwingi kwenye simu. Mwanzoni alisema, "Wanashangaa tu, mangi." Nikamuuliza wanashangaa vipi, wakiwa wamesimama wapi. Akaanza kutoa kimoja kimoja. Wakikaribia wanapaza sauti bila kujijua, baadaye wanaacha kuongea kwa sababu hawasikilizani. Wakifika chini kabisa wanarudi nyuma hatua mbili tatu, kwa sababu maji yanayoanguka yanasukuma hewa, na ile hewa inakuja na manyunyu ya baridi usoni. Wanavaa tena makoti waliyovua kwenye mpando. Wanafuta simu, wanapiga picha, wanafuta tena.

Kisha akatoa kitu ambacho sikukitegemea: "Majani ya pale chini hayatulii. Huku juu kwenye migomba hakuna upepo kabisa, ila pale yanacheza muda wote." Hapo ana pande zote mbili za badiliko, migomba iliyotulia na majani yasiyotulia, na amemweleza msomaji nguvu ya maji bila kutaja urefu wake.

Kuhusu urefu: ukiandika mita, hakikisha unajua zimepimwa na nani. Kwenye maporomoko mengi kila mwongoza watalii ana namba yake. Kama huna uhakika, tumia kipimo cha mtu: aliyesimama kwenye mwamba chini anaonekanaje ukiwa pale njia inapopinda kwa mara ya mwisho, na je, sura yake unaitambua au unaona rangi ya koti tu?

"Wenyeji wakarimu" nayo uiulize swali linaloudhi kidogo: hicho ulichofanyiwa kilikuwa kwenye bei au hakikuwemo? Kutwanga kahawa na nyimbo zake ni sehemu ya ziara iliyolipiwa. Hakuna aibu ndani yake, ni kazi, na inafanywa kwa ustadi. Lakini ukiuita ukarimu umeficha kazi ya mtu. Eleza kazi: kahawa iliyokauka inatwangwa kwenye kinu mpaka ganda jepesi lililobaki lichanike, inapepetwa kwenye ungo, inakaangwa kwenye chungu juu ya mafiga, na kuna wakati punje zinaanza kupasuka kwa mlio mdogo na mkaangaji anaongeza kasi ya kukoroga ili zisiungue. Halafu inarudi kwenye kinu, safari hii inatoka unga.

Ukarimu wenyewe uandike pale tu ulipotokea, kwa tendo. Mzee aliyeacha kukata majani ya migomba akasema "Poleni na mpando, bado kidogo tu" amefanya jambo ambalo halikuwa kwenye bei. Mwandike huyo, bila jina lake, na bila kuongeza kwamba ana tabasamu zuri.

"Ya kipekee" na "Usikubali kuondoka Moshi bila kufika" zifute tu. Hazina swali la kuulizwa.

Hatua ya nne: chagua, usirundike

Hapa ndipo wengi wanaharibu baada ya kuelewa hatua tatu za kwanza. Wanapata vitu vingi vizuri vya kuandika, wanavimwaga vyote. Aya inakuwa na mama wa majani, mzee, samaki, manyunyu, kinu, koti na mbuzi, na msomaji anachoka kama aliyesomewa orodha ya vitu vya mnada.

Chagua badiliko moja liwe mgongo wa aya, halafu kila kitu kingine kipimwe kwa hilo. Materuni tulichagua upepo: mwanzo hakuna, mwisho upo. Mama wa majani akabaki kwa sababu anatokea kwenye mpando, ambako hewa imetulia na watu wanatoka jasho. Kahawa tukaihamishia kwenye aya yake, maana hutokea sehemu nyingine na ina badiliko lake. Mzee tukamwacha kwa ajili ya siku nyingine. Aya ikawa hivi:

"Njia ya kwenda maporomoko ya Materuni inapita kwenye vihamba vya watu. Migomba imetulia, hakuna upepo, na kwenye mpando utavua koti. Ukisimama kuhema, huenda akakupita mama mwenye mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Msalimie, hapa ni kwao. Pembeni utaona mfongo, mfereji wa maji uliochimbwa kufuata ubavu wa kilima mpaka mashambani. Karibu na mwisho utajikuta unapaza sauti ili usikike. Kisha unafika chini, na upepo wote ambao haukuwepo njiani unakuja usoni mwako ukiwa na maji ndani yake. Majani yaliyo karibu hayatulii. Vaa tena koti, na uwe na kitambaa kikavu cha kufutia lenzi ya simu."

Hakuna sifa ya uzuri humo. Zingatia pia kwamba ushauri wa koti na kitambaa umetoka kwenye kitu kilekile kilichoonwa. Haukuhitaji sehemu yake yenye kichwa cha "Vitu vya kubeba".

Hatua ya tano: kamata makosa ya masahihisho

La kwanza ni kubadilisha sifa moja kwa tashbihi: "mandhari ya kuvutia" inaondoka, "maji yanayong'aa kama almasi" yanaingia. Hujaona almasi pale. Utalitambua kosa hili ukisoma kwa sauti, kwa sababu sentensi za aina hii hutoka mdomoni bila wewe kukumbuka mahali.

La pili ni kitu cha kubuni. Ukishajua kwamba vitu vidogo vinashawishi, unatamani kuongeza ndege anayelia au bibi anayecheka. Usiweke ndege kama hukumsikia. Wenyeji wanasoma pia, na wanajua ni kitu gani hakipo.

La tatu ni majina. Ukiwa Moshi unaona vilele viwili: Kibo ni kile kipana chenye barafu, Mawenzi ni kile chenye mwamba uliochongoka upande wa mashariki. Anayeandika "kilele cha theluji cha Mawenzi" amejitangaza kwamba hakuangalia, na sentensi zake nzuri zote zinaanza kutiliwa shaka. Mfongo nao usiuite mto. Mfongo ulichimbwa na watu, una zamu za maji na una wenyewe.

Halafu kuna msimu. Andika mwezi ulioenda. Njia uliyoikuta kavu Septemba huteleza wakati wa masika, Machi hadi Mei, na mtu atakayevaa raba zilizokwisha soli kwa sababu ya maelezo yako ataanguka. Julai kuna baridi, na mlima unaweza kujificha siku nzima, hata hiyo alfajiri niliyoisifu.

Kwenye kichwa cha habari, acha ubunifu. Mtu anayetafuta safari huandika "maporomoko ya Materuni" au "sehemu za kutembelea Moshi", basi mpe maneno hayo waziwazi juu, pamoja na umbali kwa muda wa gari na wa miguu.

Hatua ya mwisho: msomee mtu wa huko

Kijana alimsomea aya hiyo shangazi yake, mwenyeji wa Uru. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema ni kweli, kasoro neno moja. Alitaka pale paandikwe kwamba mama anasalimiwa "shikamoo", kwa sababu wageni wanasema "mambo" kwa watu wazima, na yeye ameshachoka kuitikia "poa" akiwa na mzigo kichwani. Tukabadilisha: "mwamkie shikamoo, hapa ni kwao." Sasa anatengeneza ya Chemka, na ameanza na vumbi.